Maneno Yaliyozidi Takwimu: Dalili, Vyanzo na Tiba Katika Muhtasari wa Utafiti wa Madema

Muhtasari wa utafiti ukifika Lamu kwa Kiswahili, husomwa kwa sauti barazani mbele ya watu ambao huenda wakaamua jambo jioni hiyo hiyo. Mimi huhariri mihtasari ya namna hiyo kabla haijasomwa, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi halimo katika hesabu. Hesabu huwa sahihi, jedwali huwa safi, lakini sentensi iliyo chini ya jedwali hudai zaidi, au mara nyingine pungufu, ya kile ambacho jedwali linaweza kukibeba. Mwongozo huu unafuata kosa hilo kwa dalili zake, moja baada ya nyingine, ukitumia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tarakimu za kisa nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Si matokeo ya utafiti wowote uliofanyika.

Kisa chenyewe ni hiki. Dema la kawaida la fito hunasa samaki wakubwa na wadogo pamoja. Mtu akiacha upenyo mwembamba wa wima ubavuni, tuseme wa sentimita 3, samaki mwembamba ambaye bado hajakomaa hupata njia ya kutoka, na mnene hubaki. Watafiti wanataka kujua mambo mawili: je, sehemu ya samaki wadogo katika mavuno inapungua, na je, mvuvi anapoteza fedha? Katika kila safari nahodha anatega madema 5 ya kawaida na 5 yenye upenyo, siku moja, mwamba mmoja, yakipishana. Samaki wa kila kundi wanapimwa urefu na kuuzwa peke yao. Safari ni 30, zote wakati wa kusi.

Kwa kuwa kila safari ina makundi yote mawili, kinachohesabiwa ni tofauti ndani ya safari ile ile. Kutokana na tofauti hizo 30 hupatikana wastani, na hupatikana pia mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi tofauti za safari zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo. Mchepuko ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya safari hutoa kosa sanifu. Ukichukua wastani, ukaondoa na kuongeza takriban kosa sanifu mara 2, unapata wigo wa asilimia 95, yaani mpaka wa chini na mpaka wa juu wa thamani zinazopatana vizuri na data. Wastani unatueleza ukubwa wa jambo, na upana wa wigo unatueleza usahihi wa kadirio. Mhariri asiyeona tarakimu hizo mbili pamoja asikubali kugusa sentensi, kwanza aziombe.

Dalili ya kwanza: sentensi inasema "hakuna tofauti"

Hii ndiyo dalili yenye gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Tuseme madema ya kawaida yalileta wastani wa shilingi 1,450 kwa safari, na yenye upenyo shilingi 1,410. Tofauti ni shilingi 40 pungufu. Mchepuko sanifu wa tofauti hizo ni shilingi 480, kwa hiyo kosa sanifu ni 480 kugawanywa kwa kipeuo cha 30, karibu shilingi 88. Wigo unaanzia hasara ya shilingi 216 hadi faida ya shilingi 136. Sifuri, yaani kutokuwapo tofauti yoyote, imo ndani, kwa hiyo jaribio la kitakwimu "halikupita", na mwandishi ameandika: *Upenyo hauna athari kwa kipato cha mvuvi.*

Nilipata kukaa katika kikao ambacho sentensi ya namna hii ilisomwa kuhusu jambo jingine la uvuvi. Mzee mmoja aliuliza, "Mwanangu, huku kusema hakuna tofauti ni kuniahidi kwamba sitapoteza?" Msomaji alijibu, "Ndivyo walivyoandika, baba." Mzee alikuwa ameuliza swali sahihi kabisa, na karatasi ilimjibu vibaya. Data za aina ile hazikumwahidi lolote. Zilisema tu kwamba hasara ilikuwa haijaonekana wazi, na zilikuwa chache mno kiasi kwamba hata hasara ya kweli ingeweza kupita bila kuonekana.

Chanzo cha kosa ni kuchanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kina uwezo kamili wa kuyatenganisha: kutoona tofauti, na kuona kwamba tofauti haipo. Mwaka 1995 wanatakwimu Douglas Altman na Martin Bland walitoa onyo hilo hilo kwa madaktari katika jarida la BMJ, na bado kosa linajirudia katika kila fani yenye sampuli ndogo.

Ili kutambua umesimama katika hali ipi, kwanza unahitaji mpaka ambao haumo ndani ya takwimu: ni hasara ya kiasi gani ambayo ingemfanya mvuvi alikatae dema lenye upenyo? Mpaka huo huulizwa kwa wenye kazi, tena kabla ya data kukusanywa. Tuseme nahodha wamekubaliana kwamba hasara isiyofika shilingi 100 kwa safari inavumilika, na inayozidi hapo haivumiliki. Sasa uweke wigo juu ya mpaka huo. Unaanzia hasara ya 216, kwa hiyo unapita mbali ndani ya eneo lisilovumilika. Upande wa pili unafika kwenye faida. Sentensi pekee inayosimama ni ya namna hii:

*Kwa wastani kipato kilikuwa chini kwa shilingi 40 kwa safari, lakini data hizi zinapatana na hasara inayofika shilingi 216 na vilevile na faida inayofika shilingi 136. Utafiti huu hautoshi kusema kama upenyo unamtia mvuvi hasara isiyovumilika au la.*

Sentensi hiyo ni ndefu na haipendezi, na waandishi wengi huniomba niifupishe. Sikubali, kwa sababu sehemu inayokatwa daima ni ile ya shilingi 216, ambayo ndiyo mzee alikuwa akiiulizia.

Sasa tazama jinsi maneno yanavyobadilika wastani ukibaki pale pale. Tuseme safari zingekuwa 300 badala ya 30, wastani ule ule wa shilingi 40 pungufu na mchepuko ule ule. Kosa sanifu lingeshuka hadi karibu shilingi 28, na wigo ungekuwa kutoka hasara ya 95 hadi faida ya 15. Sifuri bado imo ndani; jaribio bado "halijapita". Lakini wigo mzima sasa uko upande wa kuvumilika, na hapa ndipo mwandishi anaporuhusiwa kusema kwamba upenyo hauleti tofauti ya maana katika kipato au unaleta upungufu mdogo. Katika hali zote mbili mtu anayetazama jaribio peke yake angeandika maneno mamoja. Katika hali ya kwanza yangekuwa ahadi isiyo na msingi, na katika ya pili ni taarifa ya haki.

Angalia pia bei ya usahihi. Kuupunguza upana wa wigo hadi karibu theluthi moja kumedai safari mara kumi, kwa sababu kosa sanifu hupungua kwa kipeuo cha idadi, si kwa idadi yenyewe. Ndiyo maana utafiti wa msimu mmoja wenye fedha chache haupaswi kuahidi jibu la "hakuna tofauti", na ni vyema hilo lisemwe tangu utafiti unapopangwa.

Dalili ya pili: "tofauti kubwa" iliyo ndogo

Chanzo chake ni tafsiri. Wanatakwimu wa Kiingereza wana neno moja, *significant*, wanalolitumia pale wigo usipoigusa sifuri, na neno hilo katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza humaanisha jambo zito. Watafsiri wetu wamezoea kuliandika "tofauti kubwa", na wakati mwingine wanaongeza "kitakwimu" kama kinga. Kinga hiyo haimfikii msikilizaji wa barazani, ambaye amesikia "kubwa" na amekwisha kuanza kupiga mahesabu yake.

Chukua kisa chetu kikiwa na safari 3,000. Wastani ni ule ule, shilingi 40 pungufu. Kosa sanifu linakuwa karibu shilingi 9, na wigo unatoka hasara ya 58 hadi hasara ya 22. Sifuri haimo tena, na wigo ni mwembamba. Mwandishi anaandika: *Upenyo umesababisha upungufu mkubwa wa kipato.* Kilicho kikubwa ni uhakika. Upungufu wenyewe ni mdogo, chini ya mpaka wa shilingi 100 ambao nahodha waliuweka wenyewe.

Tiba ni kutenga maneno ya ukubwa na maneno ya uhakika, na kutoruhusu kundi moja lifanye kazi ya jingine. "Kubwa", "kiasi", "ndogo" na "isiyo ya maana" yazungumzie shilingi na sentimita. "Ni dhahiri", "yaelekea", "huenda" na "haijulikani" yazungumzie usahihi na ubora wa ushahidi. Sentensi iliyo sawa hapa ni: *Ni dhahiri kwamba upenyo hupunguza kipato, lakini upungufu ni mdogo, kati ya shilingi 22 na 58 kwa safari.* Maneno mawili, kila moja na kazi yake.

Huo ndio mpango ambao kundi la GRADE, linaloandaa kanuni za kupima ushahidi wa tiba, lilichapisha mwaka 2020: kiwango cha uhakika kina maneno yake, ukubwa wa athari una maneno yake, na sentensi hujengwa kwa kuyakutanisha. Ushahidi wa uhakika wa juu huandikwa kwa kitenzi kitupu kisicho na neno la shaka. Wa wastani hupewa neno la "yaelekea". Wa chini hupewa "huenda". Na ule wa chini kabisa hauelezi athari, unaeleza kwamba ushahidi wenyewe hauna uhakika. Ukubwa huongezwa juu ya hapo. Ningependa kila mtu anayeandika mihtasari pwani aushike mpango huu, hata kama hahusiki na tiba, kwa kuwa unamlazimisha aulize maswali mawili pale alipozoea kuuliza moja.

Dalili ya tatu: athari kubwa kutoka safari chache

Katika ripoti yetu mna aya kuhusu safari 7 zilizokwenda mwamba wa mbali zaidi. Huko madema yenye upenyo yalileta shilingi 310 zaidi kwa safari. Mwandishi amefurahi na ameandika: *Matokeo yanaunga mkono kwa nguvu matumizi ya upenyo katika maji ya mbali.*

Hesabu wigo. Mchepuko ni ule ule, 480. Ukigawanya kwa kipeuo cha 7 kosa sanifu linakuwa karibu shilingi 181. Kwa safari chache hivi kuzidisha kwa 2 hakutoshi, kizidisho sahihi ni karibu 2.45, na wigo unatoka hasara ya 134 hadi faida ya 754. Faida ya shilingi 754 na hasara iliyozidi mpaka wa nahodha zote zimo. Neno linalostahili hapa ni dhaifu kuliko yote tuliyo nayo: *Katika safari 7 za mwamba wa mbali kipato kilikuwa juu kwa wastani wa shilingi 310, ila idadi ni ndogo mno kuweza kutegemewa (wigo: hasara 134 hadi faida 754).*

Chanzo ni dhana ya kwamba tofauti kubwa ni ushahidi wenye nguvu kwa sababu tu ni kubwa. Katika sampuli ndogo mambo hugeuka. Kosa sanifu likiwa 181, tofauti itaweza kupita jaribio ikiwa tu imezidi takriban shilingi 443. Sasa fikiri kwamba ukweli, kwa safari zote ambazo zingewezekana kufanywa, ni faida ya shilingi 100. Utafiti wa safari 7 ukiupata ukweli huo kama ulivyo hautapita jaribio. Ukipita, lazima uwe umeukuza zaidi ya mara nne. Yaani utafiti mdogo unaotangaza ushindi, kwa sababu hiyo hiyo ya kushinda, mara nyingi umetia chumvi. Mhariri akiona tarakimu ya kushangaza kutoka data haba, asiishushe tu daraja ya neno; aongeze sentensi inayosema kwamba safari zaidi zikifanyika tofauti hiyo inatarajiwa kupungua.

Kuna namna ya kulitambua kosa hili bila hesabu yoyote. Tafuta kama kundi dogo lililosifiwa lilipangwa tangu mwanzo, au lilichaguliwa baada ya data kuonekana. Safari za mwamba wa mbali zikiwa zimetengwa baada ya kutazama jedwali, basi miamba mingine ilitazamwa pia na haikutajwa, na hata "huenda" ni neno kubwa kwake.

Dalili ya nne: kitenzi kinachovuka sampuli

Hapa Kiswahili chenyewe kinatega, na tafsiri haihusiki. Sentensi tatu zifuatazo zinaonekana ndugu:

*Samaki wadogo walipungua katika madema yenye upenyo.*
*Upenyo ulipunguza samaki wadogo.*
*Upenyo hupunguza samaki wadogo.*

Ya kwanza inaripoti kilichoonekana. Ya pili, kwa kutumia kitenzi cha kutendesha, imeutaja upenyo kuwa ndio uliofanya. Ya tatu, kwa kiambishi *hu-*, imeondoka kwenye safari 30 kabisa na kutangaza desturi ya mambo, kama mtu anayesema jua huchomoza mashariki. Kila hatua inahitaji ushahidi wake, na mwandishi hupanda ngazi hizo bila kuhisi kwa kuwa kilichobadilika ni silabi moja au mbili tu.

Tuzipime kwa tokeo la pili la kisa chetu. Sehemu ya samaki ambao hawajafikia urefu wa kukomaa ilikuwa wastani wa asilimia 38 katika madema ya kawaida, na asilimia 22 katika yenye upenyo: tofauti ya pointi 16. Mchepuko wa tofauti ni pointi 20, kosa sanifu karibu pointi 3.7, na wigo ni kutoka pointi 9 hadi 23. Kamati inayosubiri muhtasari huu ilikuwa imesema kwamba upungufu wa pointi 5 ungetosha kuwashawishi. Wigo mzima uko juu ya hapo. Kwa ukubwa na kwa usahihi, huu ni ushahidi wenye nguvu, na "walipungua" inasimama bila neno lolote la shaka. Nasisitiza hili kwa sababu wapo waandishi waoga ambao wangeandika "huenda walipungua". Kupunguza neno chini ya ushahidi nako ni kosa: kamati inanyimwa jambo ambalo data zimelithibitisha.

Je, "ulipunguza" inasimama? Inasimama kwa sababu ya mpango wa utafiti, si kwa sababu ya wigo. Madema yalitegwa siku moja, mwamba mmoja, yakipishana, kwa hiyo hakuna sababu nyingine iliyo wazi ya tofauti. Lau madema ya kawaida yangetegwa wakati wa kusi na yenye upenyo wakati wa kaskazi, wigo ungeweza kuwa mwembamba vile vile, na bado mwandishi asingekuwa na haki ya kutumia kitenzi cha kutendesha, kwa kuwa bahari yenyewe ilikuwa imebadilika kati ya kundi moja na jingine. Wigo hupima bahati ya sampuli peke yake, na upendeleo wa mpango haumo ndani yake.

Na "hupunguza"? Hapo narudi nyuma hatua moja. Safari zote ni za msimu mmoja na sehemu moja. Hatujui samaki wa kaskazi wakoje, wala miamba ya Kiunga au ya Malindi. Ningeandika *yaelekea upenyo hupunguza*, na mara moja nikataja sababu ya neno hilo: *safari zote zilikuwa za kusi*. Neno la shaka lisilofuatwa na sababu yake humwacha msomaji akidhani kwamba mwandishi anaona haya tu.

Kabla ya kuiacha sentensi hii, uliza jambo moja zaidi: safari 30 ni za mashua ngapi? Zikiwa za mashua 6, kila moja safari 5, basi safari za mashua moja hufanana, kwa sababu nahodha ni yule yule na mahali anapopenda kutega ni pale pale, na kuzihesabu kama habari 30 zilizo huru ni kujipa usahihi usio wako. Kama kipimo cha kufanana huko, ambapo 0 ni kutofanana na 1 ni kufanana kabisa, ni 0.2, safari 30 zina uzito wa karibu safari 17:

```
1 + (5 - 1) × 0.2 = 1.8
30 / 1.8 ≈ 17
```

Wigo wa samaki wadogo unapanuka kuwa kutoka pointi 6 hadi 26. Bado uko juu ya pointi 5, kwa hiyo neno halibadiliki. Wigo wa kipato nao unapanuka, na sentensi ndefu ya dalili ya kwanza inakuwa na sababu zaidi ya kubaki ndefu. Ripoti isiyotaja idadi ya mashua irudishwe kwa mwandishi kabla ya kuhaririwa.

Dalili ya tano: asilimia mbili zinazogombana

Ukurasa mmoja unasema samaki wadogo walipungua kwa asilimia 42, mwingine unasema asilimia 16. Zote ni sahihi: kutoka 38 hadi 22 ni kushuka kwa pointi 16, na 16 ni asilimia 42 ya 38. Chanzo ni kwamba tunatumia "asilimia" kwa yote mawili. Andika "kutoka asilimia 38 hadi 22", kisha, ukitaka, "pungufu ya pointi 16". Mwandishi aliyechagua 42 peke yake kwa kichwa cha habari amechagua tarakimu inayoonekana kubwa zaidi, na mhariri aizuie.

Dalili ya sita: shaka juu ya shaka

*Huenda matokeo haya yakaweza kuashiria uwezekano wa kupungua.* Hapa mna maneno manne ya shaka, na msomaji hajui kama yanajumlishwa au yanarudiana. Chanzo mara nyingi ni kwamba kila aliyepitia rasimu aliongeza moja. Liache moja, lile linalolingana na wigo, na ufute mengine.

Kuhusu uchaguzi wa neno hilo moja, mimi hutumia "yaelekea" kwa ushahidi wa wastani na "huenda" kwa ulio dhaifu, na naepuka "yamkini". Nimewasikia watu wazima wa mtaa mmoja, mmoja akilielewa "yamkini" kuwa "yawezekana tu" na mwingine kuwa "karibu hakika", na neno la namna hiyo halifai kupimia. Hata maneno yaliyowekewa maana rasmi huteleza. Jopo la IPCC linaloandika ripoti za tabianchi limeyapa maneno yake viwango vya namba. Neno lao la "yaelekea", kwa mfano, limewekewa uwezekano wa asilimia 66 au zaidi. Hata hivyo, wasomaji walipochunguzwa ilionekana kwamba wengi huyavuta maneno hayo kuelekea katikati, kana kwamba yote yanamaanisha nusu kwa nusu, na kwamba tarakimu ikiandikwa kando ya neno, kuteleza huko hupungua. Kwa sababu hiyo sikubali neno la uhakika lisimame peke yake. Wigo uandikwe katika sentensi ile ile. Ukiachwa kwenye jedwali la ukurasa wa nyuma, msikilizaji wa barazani hataufikia.

Muhtasari uliokwisha kutibiwa

Rasimu ilikuwa hivi: *Upenyo hupunguza samaki wadogo kwa asilimia 42 na hauna athari kwa kipato. Katika maji ya mbali matokeo yanaunga mkono kwa nguvu ongezeko kubwa la kipato.*

Baada ya dalili zote kushughulikiwa, inasomeka hivi:

*Katika safari 30 za mashua 6 wakati wa kusi, upenyo wa sentimita 3 ulipunguza sehemu ya samaki wadogo kutoka asilimia 38 hadi 22. Upungufu huu ni mkubwa na ni dhahiri: hata tukizingatia kwamba safari za mashua moja hufanana, hauko chini ya pointi 6. Yaelekea upenyo hufanya hivyo pia nje ya msimu huu, lakini safari za kaskazi hazijafanywa. Kuhusu kipato, utafiti hautoshi kutoa jibu: wastani ulikuwa chini kwa shilingi 40 kwa safari, na data zinapatana na hasara inayozidi shilingi 200 na pia na faida inayozidi shilingi 100. Safari 7 za mwamba wa mbali ni chache mno kuweza kutegemewa.*

Aya hiyo imekuwa ndefu zaidi ya mara mbili ya rasimu. Ikibidi kuikata kwa ajili ya tangazo la redio, anza na sentensi ya mwamba wa mbali, kisha ile ya kaskazi, ambapo neno "ulipunguza" litabaki kama lilivyo bila kugeuzwa "hupunguza". Sentensi ya kipato isikatwe, wala mpaka wake wa hasara usiachwe.